Kigunduzi Kilipoisoma Insha Yangu ya Sekondari

Mhadhiri wetu alipotangaza kwamba kazi zote zitapitishwa kwanza kwenye kigunduzi cha akili mnemba, Neema alinifuata na laptopu yake. "Tujipime wenyewe kabla hatujapimwa," akasema.

Mimi niliweka insha ya Kiingereza niliyoichapa Machi 2022 nikiwa sekondari, miezi minane kabla ChatGPT haijatolewa. Yeye aliweka ripoti yake ya mazoezi ya kufundisha.

Ya Neema ilipata asilimia 6. Yangu ikapata 81. "Aisee, kumbe wewe ni roboti tangu sekondari!" Alicheka sana. Mimi nilikuwa nawaza sifuri ambayo ningepewa.

Tukaanza kutafuta sababu. Kigunduzi hakijui nani ameandika. Vingi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Ukisema "elimu ni ufunguo wa…", kila mtu anajua linalokuja ni "maisha". Maneno yakitabirika hivyo mfululizo, na sentensi zikilingana urefu, alama inapanda. Insha yangu ilikuwa hivyohivyo: kila aya inaanza na kiunganishi tulichokaririshwa, kila sentensi ina urefu uleule. Ripoti ya Neema ina sentensi ya maneno manne, halafu moja ndefu kuhusu mtoto aliyeficha chaki mfukoni. Nani angetabiri hiyo?

Tukajaribu tena. Nikafuta viunganishi, nikavunja sentensi mbili, nikaongeza mfano wa soko la kijijini kwetu. Alama ikashuka hadi 34. Mwandishi ni yuleyule!

Yaliyonikuta si mageni. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vigunduzi 7 kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Insha za wanafunzi wa darasa la 8 wa Marekani karibu zote zilipita. Anayeandika kwa msamiati mdogo na salama ndiye anayenaswa, na wengi wetu tunaandika hivyo.

Hata OpenAI, wenye ChatGPT, walikiri kwamba kigunduzi chao kilisingizia maandishi ya binadamu mara 9 kati ya 100. Wakakiondoa Julai 2023. Sasa piga hesabu: darasa la watu 200, wote waaminifu, na watu 18 wanaitwa wadanganyifu.

Kwa hiyo alama ni sababu ya kuuliza swali tu, haitoshi kuhukumu mtu. Ushahidi wenyewe ni jinsi kazi ilivyokua. Andika kwenye Google Docs, maana inatunza historia ya mabadiliko kwa tarehe na saa. Usitupe rasimu wala daftari la maelezo. Ukiitwa, nenda navyo, na omba uulizwe kwa mdomo kuhusu ulichoandika. Aliyeiandika kazi ataweza kuieleza.