Kutayarisha Kiolezo cha Kumbukumbu ya Mgonjwa wa Nje kwa Kompyuta

Kijitabu hiki ni kwa ajili ya wahudumu na makarani wanaozungumza Kiswahili katika kliniki ndogo za kijamii nchini Uingereza, ambako kumbukumbu za wagonjwa wa nje bado huandikwa kwa programu ya Word. Hatua zilizomo ni za Word katika kompyuta ya Windows. Majina ya vitufe yameandikwa kwa Kiingereza, kama utakavyoyaona kwenye skrini. Vichwa vya habari tumevitaja kwa Kiswahili ili vieleweke. Katika kliniki yako viandike kwa lugha atakayoisoma mhudumu atakayempokea mgonjwa baada yako.

Kwa nini kiolezo, na si nakala ya jana?

Makarani wengi hufungua kumbukumbu ya mgonjwa aliyetangulia, hufuta maneno yake na kuandika ya mgonjwa mpya. Hatari yake ni kwamba lisilofutwa hubaki. Mstari mmoja wa dawa uliosahauliwa huwa ni dawa ya mtu mwingine katika jalada la huyu. Kiolezo ni hati tupu isiyobadilika: kila ukiifungua, hukupa karatasi mpya yenye vichwa vilevile na sehemu za kujaza.

Hatua ya kwanza: vichwa visivyobadilika

Fungua hati mpya, uandike vichwa saba kwa mpangilio huu: Utambulisho na tarehe, Lugha na mkalimani, Mzio wa dawa, Maelezo ya mgonjwa, Matokeo ya uchunguzi, Tathmini, Mpango. Vinne vya mwisho hufuata utaratibu ambao waganga wameuzoea tangu daktari Lawrence Weed alipoueneza katika miaka ya 1960: kwanza anayoyasema mgonjwa, kisha anayoyaona mganga, kisha anavyoyafasiri, na mwisho atakalofanya. Kila kichwa kipe mtindo wa Heading 2 ulio katika kichupo cha Home, ili vyote vifanane.

Hatua ya pili: sehemu za kujaza

Vitufe vinavyohitajika vimo katika kichupo cha Developer, ambacho kwa kawaida hakionekani. Nenda File, kisha Options, kisha Customize Ribbon. Upande wa kulia tia alama kwenye Developer, halafu bofya OK.

Sasa weka kishale chini ya kichwa kimoja, uchague aina ya sehemu. Plain Text Content Control ni ya maneno huru. Date Picker Content Control ni ya tarehe. Drop-Down List Content Control ni orodha kunjuzi, ambayo mjazaji huchagua jibu moja kati ya yaliyotayarishwa. Kanuni ya kuchagua ni hii: ukiweza kuyataja majibu yote kabla mgonjwa hajafika, tumia orodha, usipoweza, acha nafasi ya maneno. Maelezo ya mgonjwa hayawezi kuwa orodha. Swali la nani alikalimani laweza: mkalimani wa kitaalamu aliyekuwapo, mkalimani wa kitaalamu kwa simu, ndugu au rafiki, hakuhitajika.

Sehemu ya maneno yenye kuhitaji aya kadhaa, bofya Properties, utie alama kwenye Allow carriage returns (multiple paragraphs). Bila alama hiyo mjazaji hataweza kuanza aya mpya.

Mfano: sehemu ya mzio wa dawa

Hapa ndipo kiolezo kibaya huweza kumdhuru mtu. Tuseme orodha ina majibu mawili tu, «Ana mzio» na «Hana mzio», na aliyeitengeneza ameacha «Hana mzio» ikiwa imekwisha kuchaguliwa, ili kuwapunguzia wenzake kazi. Karani mwenye haraka ataipita. Jalada litasema hana mzio, ilhali hakuna aliyemuuliza, na atakayelisoma kesho hatakuwa na njia ya kujua.

Basi weka orodha kunjuzi, bofya Properties, na kwa kitufe cha Add ingiza majibu manne:

1. Ana mzio (eleza hapa chini)
2. Ameulizwa, hana mzio anaoujua
3. Ameulizwa, hana hakika
4. Hakuulizwa

Mstari wa Choose an item. ulio juu ya orodha usiuondoe. Ndio unaomwezesha mjazaji aliyekosea kuirudisha sehemu katika utupu wake. Kisha bofya Design Mode, ubadilishe maneno ya kijivu yaliyo ndani ya sehemu yawe «CHAGUA: MZIO WA DAWA», na ubofye Design Mode tena ili kutoka. Maneno hayo huchapwa pamoja na hati, kwa hiyo sehemu iliyorukwa hujidhihirisha hata katika karatasi. Usichague jibu lolote ndani ya kiolezo chenyewe.

Chini ya orodha weka sehemu ya maneno huru: dawa gani, ilimfanya nini, na lini.

Tuseme sasa amefika mama mwenye kikohozi. Kwa njia ya mkalimani anaulizwa kama ana mzio, naye anajibu hapana, kwa kuwa neno lenyewe ni geni kwake. Mhudumu anauliza kwa njia nyingine: je, kuna dawa iliyowahi kukutoa vipele, kukuvimbisha uso au kukubana pumzi? Hapo anakumbuka sindano ya penisilini ya utotoni iliyomtoa vipele mwili mzima. Karani anachagua jibu la kwanza na kuandika: «Penisilini, sindano, vipele mwili mzima, utotoni.» Amoksilini, ambayo hutolewa sana kwa maradhi ya kifua, ni ya jamii ya penisilini. Orodha peke yake ingesema ana mzio bila kutaja wa nini. Mstari wa chini ndio unaomzuia mganga asiiandike dawa hiyo bila kufikiri.

Hatua ya tatu: kufunga na kuhifadhi

Katika Developer bofya Restrict Editing. Tia alama kwenye Allow only this type of editing in the document, chagua Filling in forms, kisha Yes, Start Enforcing Protection, na uweke nenosiri. Tangu hapo vichwa haviguswi. Sehemu za kujaza tu ndizo zinazopokea maandishi. Nenosiri hilo huzuia mabadiliko, wala halifichi habari: yeyote afunguaye hati ataisoma. Kwa hiyo kumbukumbu zilizojazwa ziwekwe mahali palipolindwa na kliniki.

Mwisho, nenda Save As, na katika aina ya faili chagua Word Template (*.dotx). Faili hiyo ikibofywa mara mbili huzaa hati mpya, nayo yenyewe hubaki tupu.

Jaribu kabla ya kukitumia

Bofya kiolezo mara mbili. Jina la juu likiwa Document1 au mfano wake, ni sawa; likiwa jina la kiolezo chenyewe, umekifungua chenyewe, na ukihifadhi utaacha habari za mgonjwa ndani yake. Jaribu kufuta kichwa kimoja: kisikubali kufutika. Kisha chapa hati bila kujaza kitu. Kila sehemu ionyeshe ombi lake, na isiwepo hata moja yenye jibu. Ukiona jibu ambalo hakuna mgonjwa aliyelitoa, rudi kwenye kiolezo, bofya Stop Protection, na uliondoe.