Dondoo muhimu: Kiitikio ndicho kipimo

Katika baa za Kabalagala, Kampala, wimbo mgeni hushindana na kelele za meza na bodaboda, na kinachomfikia msikilizaji kwanza ni kiitikio. Basi anza kupunguza beti za wimbo wako hapo: andika wazo la kiitikio kwa sentensi moja, kisha uulize kila ubeti unaliongezea nini. Tuseme ubeti wa kwanza unamlilia mpenzi aliyehamia Dubai, wa pili unalalamikia kodi ya nyumba, wa tatu unamsifu mama. Kama kiitikio ni upweke, kodi ibaki kwa sababu chumba kilikuwa kinalipiwa na wawili. Mama aondoke, atungiwe wimbo wake.

Wapo watakaosema wimbo wa jambo moja huwa mwembamba. Sikubali. Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda aliyejitangaza mwaka 1989 kwamba ana Ukimwi, aliujenga wimbo wake “Alone and Frightened” juu ya upweke na hofu ya mgonjwa, na hata wito wake wa kushikamana unachipuka humo humo. Ubeti wako unaweza kwenda mbali vivyo hivyo, mradi msikilizaji akirudi kwenye kiitikio akisikie kimeongezeka uzito.