Tano ya mwanafunzi namba 17

Alama zilikuwa zimekamilika. Ulikuwa mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Tatu, mikondo miwili, nami nilisahihisha mkondo A wenye wanafunzi 42, mwenzangu akasahihisha mkondo B. Wastani wa A ulikuwa 48.3, wa B 47.9. Tulipozilinganisha namba hizo mbili tukaridhika, kwa kuwa madarasa yaliyofundishwa sawasawa yalikuwa yamepata sawasawa. Kilichobaki ni kupeleka orodha kwa mwalimu wa taaluma.

Bahati yangu ni kwamba nina mazoea ya kutojaza jumla peke yake. Mtihani wetu tuliutunga kwa mpangilio wa ule wa Kidato cha Nne: maswali 10 ya alama 6 katika sehemu A, maswali 4 ya alama 10 katika sehemu B. Kila mwanafunzi ana mstari wake, kila swali lina safu yake. Kujaza hivyo kunachukua jioni nzima zaidi, lakini bila jedwali hilo nisingeona chochote. Mstari wa mwanafunzi namba 17 ulisomeka hivi: sehemu A alikusanya 58 kati ya 60, kisha sehemu B akapata 10, 9, 5, 10. Jumla 92.

Mwenye 92 hafuatiliwi na mtu. Ni daraja A, na A inaanzia 75. Lakini ile 5 ya swali la 13 haikufanana na majirani zake. Binti huyu hakupoteza zaidi ya alama moja katika swali lolote lingine, na ghafla hapa amepoteza nusu.

Alama isiyofanana na wenzake inaweza kuwa ya kweli kabisa. Mtoto huenda aliugua wiki ile mada ilipofundishwa, au muda ulimwishia, au aliruka kipengele. Kwa hiyo haifai kubadili alama kwa kuangalia jedwali tu. Jedwali linakuonyesha karatasi ya kufungua, basi. Nikaifungua.

Swali la 13 lilikuwa la Dunia kama tufe. Kipengele (a) chenye alama 4 alikipata chote. Kipengele (b), alama 6, kilitaka umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye longitudo moja, mmoja latitudo 12° Kusini, mwingine 24° Kaskazini, nusu kipenyo cha Dunia kikiwa kilomita 6,400 na pai 3.14. Alikuwa amejumlisha 12 na 24 akapata 36, akaingiza kwenye kanuni, akaandika kilomita 4,019.2. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imempa alama 1 ya kanuni na kumnyima 3 za pembe na 2 za jibu.

Nililitazama jibu lile kwa muda. Mji mmoja uko kusini mwa ikweta na mwingine kaskazini, kwa hiyo lazima pembe zijumlishwe. Binti alikuwa sahihi. Mwongozo wangu wa kusahihisha ndio ulioandika 24 kutoa 12, pembe 12, jibu kilomita 1,339.7. Swali hilo tulilichukua kutoka mtihani wetu wa mwaka uliotangulia, ambamo miji yote miwili ilikuwa kaskazini. Tukabadili herufi moja kwenye swali ili wanafunzi wasikariri, na mwongozo tukauacha kama ulivyokuwa.

Nikampigia mwenzangu. "Mwalimu, hebu fungua la 13 (b). Umesahihisha kwa mwongozo uleule?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Uleule." Hapo nikaelewa kwa nini wastani wetu ulilingana vizuri vile. Tulikuwa tumepima madarasa mawili kwa rula moja iliyokatika mahali pamoja. Kulinganisha mikondo kunaweza kukuonyesha mwalimu mmoja aliye mkali kuliko mwenzake, ila kosa lililo ndani ya mwongozo wa pamoja litapita kote bila kuonekana.

Njia inayolikamata ni kulinganisha wanafunzi wenye nguvu na wale dhaifu ndani ya swali moja moja. Panga orodha kwa jumla, kubwa juu. Chukua theluthi ya juu na theluthi ya chini. Kwa 42 ni 14 na 14. Kwa kila swali toa wastani wa kundi la chini kutoka wa kundi la juu. Kwenye Excel, ikiwa swali la 1 liko safu ya B na la 14 safu ya O, na wanafunzi wanaanza mstari wa 2, andika hivi chini ya safu ya B kisha uivute hadi O:

```
=AVERAGE(B2:B15)-AVERAGE(B30:B43)
```

Katika maswali ya alama 10, la 11 lilitoa tofauti ya 5.1, la 12 lilitoa 5.8, la 14 lilitoa 4.9. La 13 lilitoa 2.2. Wanafunzi wangu bora walikuwa karibu kufungana na walio nyuma kwa sababu waliopatia niliwanyima, na waliotoa badala ya kujumlisha, kosa la kawaida kabisa katika mada hii, niliwapa alama zote. Lakini tofauti ndogo nayo haithibitishi kosa. Swali jepesi ambalo wote wamepata, au gumu ambalo wote wamekosa, litaleta tofauti ndogo vilevile. Ndiyo maana lazima urudi kwenye karatasi.

Nilisahihisha upya 13 (b) kwa wote 42, si kwa namba 17 peke yake. Kumi na mmoja walipanda alama 5, tisa walishuka alama 5. Wastani wa darasa ulitoka 48.3 ukawa 48.5, na tofauti ya swali la 13 ikapanda hadi 5.4, sawa na wenzake. Tazama jinsi wastani ulivyokaribia kutosogea, ilhali alama za wanafunzi 20 zilikuwa si zao. Mmoja alitoka 61 kwenda 66, yaani kutoka C hadi B. Mwingine alitoka 46 kwenda 41, akaangukia D.

Huyo wa 46 aliniumiza moyo. Niliona ni haki kumshusha kwa kuwa matokeo hayakuwa yametangazwa na jibu lake lilikuwa kosa. Kumwachia kungemfundisha kwamba ikweta haina maana. Kama orodha ingekuwa imeshabandikwa ubaoni, ningewapandisha waliodhulumiwa na kuwaachia wengine alama zao, maana kosa ni langu, kisha ningelifundisha upya swali lile darasani.

Siku hizi, kabla ya kugusa karatasi ya mwanafunzi, nachukua mtihani kama ulivyochapwa na kuufanya wote kwa kalamu, mwongozo ukiwa kabatini. Halafu nalinganisha. Mwenzangu naye hufanya wake peke yake. Kisha natafuta karatasi tatu za wanafunzi ninaowaamini na kuzisahihisha kwanza. Wote watatu wakikosa kipengele kimoja, nasimama hapo na kuifanya tena hesabu yake mwenyewe kabla ya kuendelea na karatasi ya nne.