Usugu ni wa nani? Mfasiri amjibu mteja wake

Mfasiri wa nyaraka za afya anaeleza barua aliyomwandikia mteja baada ya istilahi yake kupigwa mstari mwekundu.

Mteja alilalamikia nini?

Kipeperushi kilihusu antibiotiki, kwa wagonjwa wa Tanzania. Faharasa ya mteja ilisema "usugu wa dawa", kama wengi wanavyosema. Mimi nikaandika "usugu wa vimelea dhidi ya dawa". Mhakiki akasema ni ndefu mno, na kwamba vimelea ni vile vya malaria.

Barua ulianzia wapi?

Kwenye maandishi ya mteja mwenyewe ya Kiingereza. Yanasema bakteria hubadilika hadi dawa ishindwe kuwaua. Kinachokuwa sugu si dawa, wala si mwili. Sasa fikiria Kiswahili: sugu ni ngozi iliyokomaa kiganjani kwa kushika jembe, na kikohozi kisichokwisha nacho huitwa sugu. Msomaji akikuta "usugu wa dawa" huelewa kwamba mwili umeizoea dawa. Asiyemeza dawa mara kwa mara atajiona yuko salama, kumbe anaweza kuambukizwa na mwenzake bakteria ambao tayari ni sugu.

Hapo nikataja utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015, uliofanywa katika nchi 12. Asilimia 76 ya waliohojiwa walidhani mwili ndio unaokuwa sugu. Nilimwambia wazi kwamba Tanzania na Kenya hazikuwamo. Utafiti unathibitisha kwamba dhana hiyo imeenea. Hausemi lolote kuhusu Kiswahili, na chanzo kisibebeshwe mzigo kisioweza kuubeba.

Na kwa Kiswahili ulitegemea nini?

Matumizi ya Wizara ya Afya ya Tanzania. Yenyewe husema usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Mgonjwa atakutana na neno hilo hilo kwenye mabango ya serikali.

Hoja ya malaria je?

Ilikuwa na uzito. Kwa hiyo sentensi zinazohusu bakteria peke yao niliziandika "bakteria". "Kifua kikuu sugu" sikukigusa, kwa kuwa ndilo jina linalotumika kliniki. Kuhusu urefu, istilahi kamili inatajwa mara moja tu, kisha inafuata "vimelea sugu", maneno mawili dhidi ya matatu ya kwake.

Alikubali?

Nilimwomba awasomee watu wachache matoleo yote mawili, kila mtu toleo moja, kisha awaulize: je, mtu ambaye hajawahi kumeza antibiotiki anaweza kupata tatizo hili? Anayejibu "hapana" amesoma mwili mahali pa kimelea. Hakusubiri jaribio, aliipitisha "vimelea sugu" ndani ya matini, akabakiza "usugu wa dawa" kwenye kichwa cha habari. Kichwa hicho bado tunabishania.