Saa 19 kwa Wiki: Mzazi Mfanyakazi na Barua ya Kuomba Masomo ya Mtandaoni

Mwaka nilipoomba kwa mara ya kwanza nafasi ya kusoma masta ya tafsiri kwa njia ya mtandao, maombi yangu yalikataliwa. Jibu lilikuwa fupi, lakini sentensi yake moja ilinifundisha kuliko semina nyingi: muda niliotaja katika barua yangu hautoshi kumaliza masomo ninayoyaomba. Sikuwa nimeulizwa kuhusu akili wala alama zangu za lisansi. Nilikuwa nimeulizwa hesabu, nami sikuwa nimeifanya. Mwaka uliofuata niliandika barua nyingine, nikakubaliwa. Katika makala hii nataka kuzilinganisha barua hizo mbili, kwa sababu wengi wetu kitivoni tunafundisha, tunalea na tunataka kuendelea na masomo kwa wakati mmoja.

Kwanza nieleze hali yangu. Ninafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu mchana. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka minne. Baba yao anafanya kazi Kolwezi na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Masomo ya darasani, ambayo vipindi vyake huwekwa asubuhi na mchana, yangenilazimu kuiacha kazi inayolipa ada ya shule ya watoto hao.

Masomo ya mtandaoni yanabadilisha nini?

Watu hudhani kwamba masomo ya mtandaoni ni mepesi au mafupi. Sivyo. Katika mfumo wa kredi wa Ulaya, ambao programu yangu inaufuata, mwaka mmoja kamili una kredi 60, na kredi moja huhesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30. Ndani ya saa hizo kuna mihadhara, kusoma, mazoezi na kujiandaa kwa mtihani. Mwanafunzi wa mtandaoni anadaiwa saa zilezile anazodaiwa mwenzake wa darasani.

Kinachobadilika ni mahali pa saa hizo. Mhadhara uliorekodiwa hauulizi kama ni mchana au alfajiri. Mzazi hana saa tano mfululizo, lakini ana saa moja na nusu hapa na saa mbili pale, na masomo ya aina hii yanaweza kukatwa vipande vya ukubwa huo. Hapo ndipo yanapomfaa. Mtu ambaye hana hata vipande hivyo hatasaidiwa na mtandao.

Tena, si saa zote zinazohamishika. Programu yangu ina kipindi cha moja kwa moja mara moja kwa mwezi, saa 18:00 za Paris. Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, lakini Lubumbashi haibadilishi. Kwa hiyo wakati wa baridi yao kipindi hicho huanza kwetu saa moja usiku, na wakati wa joto lao huanza saa kumi na mbili jioni, wakati ninapopika na kuwaogesha watoto. Mwombaji anayetaka kufahamu kama masomo yatamfaa aanze na swali hili: vipindi visivyohamishika ni vingapi, na vinaangukia saa gani kwangu?

Barua ya kwanza

Katika barua ya kwanza niliandika hivi. Naitafsiri kutoka Kifaransa:

«Mimi ni mtu mwenye nidhamu kubwa na ninajua kupanga muda wangu. Licha ya kuwa mama wa watoto wawili, nitajitahidi kusoma saa mbili kila usiku na kutimiza majukumu yangu yote.»

Sentensi hizi hazina kosa la sarufi. Udhaifu wake uko katika kazi ambayo kila neno linaifanya. «Mtu mwenye nidhamu» ni sifa ninayojipa mwenyewe, na msomaji hana njia ya kuihakiki. «Nitajitahidi» ni wakati ujao: inaahidi juhudi, haionyeshi tendo. «Licha ya» inawaweka watoto upande wa vikwazo, kana kwamba naomba kuhurumiwa. Kisha inakuja «saa mbili kila usiku», neno pekee linaloweza kupimwa, na hilo ndilo lililoniangusha.

Tupime. Nilikuwa nimeomba kuugawa mwaka wa kredi 60 katika miaka miwili, yaani kredi 30 kwa mwaka. Tukichukua kiwango cha chini cha saa 25, kredi 30 ni saa 750. Tukizigawa kwa wiki 40 za masomo, tunapata karibu saa 19 kwa wiki. Mimi nilitaja saa mbili kwa siku saba, yaani saa 14. Kwa wiki 40 hizo ni saa 560. Zilipungua saa 190, na mtu yeyote mwenye kalamu angeziona. Zaidi ya hayo, nani anaweza kusoma usiku saba mfululizo baada ya kufundisha, kusahihisha madaftari na kulaza watoto?

Wiki sita za majaribio

Kabla ya kuandika barua ya pili, nilitafuta saa 19 katika wiki yangu. Nilipata saa moja na nusu kila alfajiri, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili watoto wanapoamka: hizo ni saa saba na nusu. Jumatatu na Jumatano bibi yao huwapokea kutoka shule, nami hubaki katika chumba cha walimu kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana: saa nne. Jumamosi baba yao yupo, kwa hiyo nasoma kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita: saa nne na nusu. Jumapili, saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni: saa tatu. Jumla ni 19.

Jioni ya Jumanne na ya Alhamisi, saa mbili hadi saa tatu na nusu usiku, sikuzipangia kitu. Niliziita akiba. Zinatumika tu pale wiki iliyotangulia ilipoharibika.

Halafu niliifuata ratiba hiyo kwa wiki sita, nikisoma kitabu kimoja cha nadharia ya tafsiri na kukiandikia muhtasari. Kila siku niliandika katika daftari saa nilizosoma kweli. Wiki ya kwanza zilikuwa 19, ya pili 18. Wiki ya tatu mtoto mdogo alishikwa na malaria, nikasoma saa 9 tu. Wiki ya nne na ya tano nilitumia akiba, nikafikisha 22 kila moja. Wiki ya sita nilirudi kwenye 19. Jumla ni saa 109 kati ya 114 zilizopangwa.

Majaribio hayo yalinionyesha pia kosa la ratiba. Mara mbili umeme ulikatika alfajiri kabla sijafungua kompyuta. Tangu hapo mihadhara ya wiki naipakua mchana, nikiwa shuleni, na alfajiri nasoma maandishi niliyokwisha kuchapisha kwenye karatasi.

Barua ya pili

Aya iliyochukua nafasi ya zile sentensi mbili ilikuwa hii:

«Masomo haya yanadai karibu saa 19 kwa wiki. Kwa kuwa watoto wangu huamka saa 6:00, nasoma kila siku ya kazi kuanzia saa 4:30. Saa zilizobaki ziko Jumatatu na Jumatano mchana, Jumamosi asubuhi na Jumapili jioni. Niliijaribu ratiba hii kwa wiki sita na kusoma saa 109 kati ya 114. Wiki moja mtoto aliugua, nikasoma saa 9. Nilifidia saa 6 katika wiki mbili zilizofuata kwa jioni mbili ninazoziacha wazi kwa ajili hiyo.»

Neno «nidhamu» halimo, wala «kupanga muda». Msomaji anafikia maneno hayo mwenyewe. «Licha ya» imekuwa «kwa kuwa»: watoto sasa ni sababu ya ratiba. Na wiki mbaya imetajwa wazi. Mwanzoni niliogopa kuiandika, lakini kamati inajua kwamba watoto huugua. Inachotaka kujua ni kitakachofuata. Barua isiyo na wiki mbaya inaonekana kuwa haijajaribiwa.

Hapa pana jambo la lugha linalotuhusu kitivoni. Kiswahili sanifu kina kiambishi *hu-* cha mazoea, na Kiswahili chetu cha Lubumbashi kina *-ak-*: tukisema «nasomaka alfajiri», kila mtu anaelewa kwamba ni desturi. Kitenzi cha Kifaransa cha wakati uliopo hakina alama hiyo. Umbo lilelile linaweza kumaanisha «ninasoma sasa» au «husoma». Mwandishi anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kifaransa hupoteza mazoea yake njiani bila kujua. Lazima ayarudishe kwa maneno mengine: kila, siku ya wiki, saa, muda tangu alipoanza. Ndiyo maana katika aya yangu majina ya siku ni mengi.

Tahadhari nyingine ni ya saa zenyewe. Saa kumi na nusu alfajiri ni 4:30 katika barua. Niliwahi kusoma rasimu ya mwenzangu aliyetafsiri «saa kumi na moja alfajiri» moja kwa moja kuwa saa 11; kamati ingedhani anasoma wakati wa kazi.

Mipaka ya barua kama hii

Aya ya ratiba isizidi robo ya barua. Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja, na sehemu kubwa ilieleza kwa nini tafsiri, nimetafsiri nini na nataka kufanya nini baadaye. Ratiba peke yake inaonyesha kwamba mtu ataweza kuketi. Haionyeshi kwamba ana jambo la kufanya akiketi.

Wala tusiandike saa tusizonazo. Mwenzangu mmoja alijaza saa 30 kwa wiki, akasahau kwamba barua hiyohiyo ilitaja kazi ya siku sita. Ukikosa saa 19, omba kugawa kredi zaidi, kama programu inaruhusu. Mimi kama ningepata saa 10 tu, ningeomba kredi 15 au 16 kwa mwaka, na barua yangu ingekuwa ya kweli vilevile.

Daftari la wiki zile sita bado ninalo. Ninaendelea kuandika humo, na jioni za Jumanne na Alhamisi bado ni akiba. Wiki hii nimezitumia zote mbili.