Daftari la Alama za Wasiwasi

Mtu akiulizwa kliniki, "Wasiwasi wako umepungua tangu tulipoonana?" kwa kawaida hujibu kwa hali ya asubuhi ile. Ikiwa usiku uliopita alipata usingizi, atasema umepungua. Ikiwa aligombana na mtu kituoni akisubiri daladala, atasema uko palepale au umezidi. Hasemi uongo. Kumbukumbu ya wasiwasi hushikilia siku ya mwisho na siku mbaya kuliko zote, na siku nyingine zote huzisahau. Ndiyo maana tunashauri kila mwenye tatizo hili awe na daftari dogo, na ajaze ukurasa mmoja kwa wiki.

Kipimo tutakachotumia kinaitwa GAD-7. Kilichapishwa mwaka 2006 na daktari wa Marekani, Robert Spitzer, pamoja na wenzake. Kinatumika bila malipo, na watafiti wamekitumia kwa Kiswahili huko Kilifi, pwani ya Kenya. Kina maswali 7 tu. Tumeyaeleza hapa kwa maneno ya nyumbani; kituo cha afya kikikupa karatasi yenye tafsiri rasmi, tumia hiyo.

Katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi ulisumbuliwa na haya:

1. Kuwa na wasiwasi, roho juu, au mwili kukaa tayari kama unasubiri jambo.
2. Kushindwa kuyazuia mawazo yakishaanza.
3. Kuwaza mno juu ya mambo mengi tofauti.
4. Kushindwa kutulia hata ukipata nafasi ya kupumzika.
5. Kuhangaika kiasi cha kushindwa kukaa mahali pamoja.
6. Kukasirika upesi kwa mambo madogo.
7. Kuogopa kwamba jambo baya litatokea.

Hakuna siku hata moja, andika 0. Siku 1 hadi 3, andika 1. Siku 4 au 5, andika 2. Siku 6 au 7, andika 3. Jumlisha. Jumla ndogo kabisa ni 0 na kubwa kabisa ni 21.

Hapa kuna jambo la kujua mapema. Kipimo chenyewe kilitengenezwa kuuliza juu ya wiki 2 zilizopita, si wiki 1. Ukikijaza kila wiki kwa mtindo huo wa asili, kila jumla inabeba nusu ya siku za jumla iliyotangulia, hivyo mabadiliko yanachelewa kuonekana. Kwa daftari la nyumbani tunahesabu siku 7. Kliniki wakitaka wiki 2, wajazie wiki 2 kwenye karatasi yao, lakini usichanganye hesabu hizo mbili katika daftari moja.

Siku ya kujaza

Chagua siku moja na saa moja, usibadilishe. Ijumaa jioni baada ya chakula ni wakati mzuri kwa wengi. Kabla ya kuandika chochote, rudi nyuma siku baada ya siku: leo nilikuwa wapi, jana, juzi, Jumanne nilifanya nini, Jumatatu nani alikuja. Ukishazikumbuka siku kwa mambo yaliyotokea, ndipo uhesabu. Anayeruka hatua hii hujaza hisia ya dakika ile na kuiita wiki nzima.

Funua ukurasa mpya, na usitazame jumla ya wiki iliyopita mpaka umalize. Aliyeona kwamba wiki jana alipata 9 atajikuta anatafuta 8, kwa sababu anataka kupona na pia anataka kuwafurahisha wanaomsaidia.

Daftari ni la mwenye tatizo. Mume asimjazie mke, wala mama asimjazie binti aliyekwisha kukua, kwa kuwa maswali mengi ni ya ndani na mtu wa nje huona hasira tu. Asiyejua kusoma anaweza kusomewa na mtu mzima anayemwamini, naye akajibu kwa vidole. Mtoto asifanywe msomaji. Mzazi atamficha mtoto ukweli ili asimtie hofu, na jumla itatoka ndogo kuliko hali yenyewe.

Jumla inasema nini

Waliotengeneza kipimo waliweka mipaka mitatu: kuanzia 5 wasiwasi ni mdogo, kuanzia 10 ni wa kati, kuanzia 15 ni mkali. Mipaka hiyo iliwekwa kwa hesabu ya wiki 2, kwa hiyo kwenye daftari letu ichukulie kuwa ya kukadiria. Kufika 10 na kubaki hapo ni sababu ya kwenda kuonana na mhudumu wa afya. Si uthibitisho wa ugonjwa. Sonona, msiba, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au kuacha pombe ghafla, vyote vinaweza kuipandisha jumla hiyo.

Toka wiki moja hadi nyingine, jumla huchezacheza. Kupanda au kushuka kwa alama 1, 2 au hata 3 usikupe maana. Tofauti ya alama 4 au zaidi ndiyo ya kutazamwa, na hata hiyo isubiri wiki inayofuata uone kama imedumu. Tena watu wengi huanza daftari wakiwa wamezidiwa. Wiki ya pili hushuka kidogo kwa wengi wao hata kama hawajafanya lolote, maana wiki mbaya sana kwa kawaida hufuatwa na iliyo nafuu. Usiisifu dawa wala ushauri kwa mteremko huo wa wiki ya pili.

Mstari wa nane

Chini ya maswali 7, ongeza mstari wako mwenyewe: *Wiki hii nimekwepa nini kwa sababu ya hofu?* Hauna alama, una maneno tu. Kwa maoni yetu ndio mstari wenye thamani kuliko yote kwenye ukurasa, na mfano ufuatao, tuliouunda kwa ajili ya kufundishia, unaonyesha kwa nini.

Mama wa miaka 41 anauza vitenge Mbagala. Ana mkopo wa kikundi na mtoto wa bweni. Ijumaa ya kwanza anajaza 2, 3, 3, 2, 1, 2, 1, jumla 14. Mstari wa nane: "Nimekwenda Kariakoo kuchukua mzigo lakini nilitetemeka njia nzima." Wiki ya pili anapata 12, ya tatu 13. Hakuna kilichobadilika hapo, ingawa mwenyewe aliamini wiki ya pili kwamba ameanza kupona.

Wiki ya nne anapata 8, ya tano 6. Nyumbani wanashukuru. Ukitazama jumla peke yake, huyu amepona kwa zaidi ya nusu. Lakini soma mstari wa nane wa wiki ya tano: "Mzigo analeta mtoto wa dada. Sijaenda kwenye kikundi mara mbili. Simu za kikundi sipokei." Wasiwasi umeshuka kwa sababu amejiondoa kwenye kila mahali palipouamsha. Biashara inapungua, mjumbe wa kikundi anakuja mlangoni, na siku atakapolazimika kupanda basi la Kariakoo hofu itakuwa kubwa kuliko mwanzo. Kukwepa hutuliza leo na kuilisha hofu ya kesho, kwa kuwa mwili haupati nafasi ya kujifunza kwamba safari ile inavumilika.

Mhudumu wa afya anaposoma jumla pamoja na mstari wa nane, anampangia kurudi hatua kwa hatua: kwanza kwenda na mpwa wake hadi kituoni na kurudi, kisha kupanda naye mpaka Kariakoo, kisha kupanda peke yake asubuhi ambapo msongamano si mkubwa. Wiki ya sita anajaza 2, 2, 1, 2, 1, 1, 2, jumla 11. Imepanda alama 5. Mume anasema mpango huu unamuumiza, aache. Wiki hiyo hiyo mstari wa nane unasema: "Nimefika Kariakoo na mpwa. Nilikaa saa nzima." Jumla imepanda kwa kuwa ameanza kuikabili hofu, na hilo lilitarajiwa. Wiki ya saba 10, ya nane 10, ya tisa 7. Wiki ya kumi anapata 5, na chini yake ameandika: "Mzigo nimechukua mwenyewe. Kikundi nimekwenda, nimelipa."

Wiki ya tano alikuwa na 6, ya kumi ana 5. Kwa kipimo hazina tofauti. Kwa maisha ya nyumba ile zinatofautiana sana.

Pembeni mwa ukurasa

Andika pia kwa maneno machache vitu vinavyoweza kuisogeza jumla bila wewe kubadilika: homa, kahawa nyingi, miraa, siku za hedhi, mtihani wa mtoto, dawa ya kuvuta ya pumu ambayo huweza kuleta kutetemeka na moyo kwenda mbio. Ukianza dawa kama fluoksetini au setralini, andika tarehe. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na siku za mwanzo huweza hata kuzidisha mhangaiko. Aliyeacha wiki ya pili kwa sababu jumla ilipanda ameacha kabla dawa haijapewa muda. Jumla ikiendelea kupanda, rudi kwa aliyekuandikia dawa badala ya kuiacha mwenyewe.

Vidonge vya diazepamu ni habari nyingine. Hushusha jumla upesi, na mwili huvizoea upesi. Kama unavimeza, andika ni vingapi kila siku, hata kama umevinunua bila cheti. Anayevitumia kila siku asiache ghafla, kwani huweza kupata degedege. Amweleze mhudumu, apunguziwe taratibu.

Lini kwenda, na ubebe nini

Nenda kliniki jumla ikikaa 10 au zaidi kwa wiki 2 mfululizo. Nenda pia hata ukiwa na 6 ikiwa mstari wa nane unazidi kuwa mrefu. Mpe mhudumu daftari lenyewe, pamoja na kurasa zilizorukwa na zile ulizojaza ukiwa na hasira. Usinakili upya ili lionekane safi. Wiki uliyosahau iache wazi na uandike "sikujaza", wala usiikadirie siku kumi baadaye.

Maswali haya 7 hayaulizi kama mtu amechoka kuishi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na jumla ndogo na bado yuko hatarini. Mwenye daftari akiona mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa yanamjia, asisubiri Ijumaa. Amwambie mtu wa nyumbani saa hiyo hiyo, na mtu huyo asimwache peke yake, aondoe karibu naye dawa na sumu za shambani, na ampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.