Daktari kwa simu: mambo ya kuangalia kabla hujaweka PIN

Kama unaishi ndani ndani huko Tana Delta ama nje ya Loiyangalani, unajua vile nauli ya kwenda hospitali inaweza kushinda bei ya dawa yenyewe. Ndiyo maana apu za kuongea na daktari zimepata wateja. Unalipa kwa simu, unaeleza shida, unaambiwa la kufanya. Lakini mtu yeyote anaweza kuweka picha ya koti jeupe kwa apu na kuanza kupokea pesa. Hebu tuangalie vile unaweza kumtambua daktari wa kweli.

Anza na jina. Apu nzuri inakuonyesha jina kamili la daktari pamoja na namba yake ya usajili kabla hujalipa chochote. “Dkt. Mary” peke yake haitoshi, kwa sababu hakuna mahali utaitafuta. Hapa Kenya, madaktari husajiliwa na baraza linaloitwa KMPDC, na leseni yao ya kufanya kazi hutolewa upya kila mwaka. Fungua tovuti ya kmpdc.go.ke, tafuta rejista ya madaktari, kisha uandike hilo jina. Angalia kama lipo, halafu angalia kama leseni ni ya mwaka huu.

Usikimbilie kusema ni tapeli ukikosa jina. Apu nyingine hutumia maafisa wa kliniki, ambao wamesomea kazi hiyo na wana leseni, ila wao wako chini ya baraza lao, Clinical Officers Council. Muulize tu, “Wewe ni daktari ama afisa wa kliniki, na namba yako ya usajili ni gani?” Mtu halali amezoea hilo swali na atakujibu mara moja. Anayeanza kukuzungusha ama kukasirika, achana naye.

Kuna ujanja mmoja wa kujua. Tapeli anaweza kuchukua jina la daktari halisi aliye kwenye rejista na kulitumia kama lake. Kwa hivyo jina kuwepo ni mwanzo tu. Mahali ambapo wengi wa hawa watu hujichoma ni kwenye pesa.

Huduma iliyosajiliwa kama biashara hulipwa kupitia Pay Bill ama Buy Goods. Ukibonyeza kulipa, ujumbe unatokea kwa skrini ya simu yako ukitaja kiasi na jina la anayelipwa. Soma hilo jina kabla ya kuweka PIN. Wakati mwingine si jina la apu bali la kampuni inayomiliki apu, ama ya inayowakusanyia malipo, na hiyo ni kawaida. Lakini jina hilo linafaa kuwa limeandikwa mahali ndani ya apu ama kwenye risiti. Kama halipo, uliza kwanza. Ukiambiwa “tuma kwa hii namba yangu, mfumo uko chini leo,” hapo simama. Namba ya mtu binafsi haina akaunti ya kuunganisha pesa yako na miadi yako, na kesho ukidai huduma hakuna rekodi ya kuonyesha ulilipia nini. Kumbuka pia kwamba kurudishiwa pesa iliyotumwa kimakosa ni kitu tofauti kabisa na kudai pesa ya huduma mbaya. Hiyo ya pili unamdai mwenye biashara, kwa hivyo soma sheria zake kabla ya kulipa, hasa kuhusu kitakachofanyika mtandao ukikatika katikati ya simu. Na PIN inawekwa kwa ule ujumbe wa malipo pekee. Hakuna daktari anayehitaji kuijua.

Sasa tuseme umelipa na jina ni sawa. Bado kuna kipimo kimoja, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote: anakuuliza nini?

Chukua mfano wa mtoto wa miaka miwili ambaye amekohoa siku tatu na ana joto. Mhudumu wa kwanza anasoma ujumbe wako, anauliza kama kikohozi ni kikavu, kisha anakutumia orodha ya dawa tatu, antibiotiki ikiwemo, na bei ya kuletewa. Imechukua dakika nne. Mhudumu wa pili anauliza umri na uzito wa mtoto. Anauliza kama anakunywa ama kunyonya, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, na kama amelegea kiasi cha kutoamka vizuri. Kisha anakuomba kitu ambacho wazazi wengi hawajawahi kuombwa: umvue mtoto shati akiwa ametulia, halii wala hali, na uhesabu vile kifua kinapanda kwa dakika moja nzima.

Hiyo hesabu si mchezo. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 ama zaidi kwa dakika huhesabiwa kuwa haraka kupita kiasi, na inaweza kuwa nimonia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, ni 50 ama zaidi. Tuseme umehesabu 46. Daktari anakuomba pia umwonyeshe kwa video kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto akivuta pumzi. Halafu anakuambia wazi kwamba simu haitoshi hapa: mtoto aonekane leo, mtu asikilize kifua na kupima oksijeni. Kama kifua kinabonyea, ama kuna mojawapo ya zile dalili alizouliza mwanzoni, si zahanati tena, ni hospitali, na unaenda sasa hivi.

Unaweza kuhisi umelipa ili uambiwe uende hospitali. Lakini huyu wa pili ndiye aliyefanya kazi. Wa kwanza aliuza antibiotiki bila kujua kama mtoto anaumwa mapafu ama ana homa ya kawaida isiyoihitaji. Kama hesabu ingekuwa 30, kifua kimetulia na mtoto anakunywa vizuri, yule wa pili angekuambia ubaki nyumbani, umpe vinywaji vya kutosha, na urudi kwake pumzi zikibadilika. Mtoto wa chini ya miezi miwili akiugua, usianze na apu. Mpeleke.

Dawa ikiandikwa, karatasi ya daktari inafaa kuwa na jina la mgonjwa, tarehe, jina na namba ya usajili ya aliyeandika, na jina la dawa lenyewe, ili ununue duka lolote la dawa lenye leseni. Anayesisitiza ununue kwake pekee, na kwa dawa isiyo na jina linaloeleweka, anauza tu.

Kuhusu siri zako, taarifa za afya ni data nyeti chini ya sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Apu ikitaka kuingia kwa namba zote ulizohifadhi kwa simu kabla hata hujasema unaumwa wapi, kataa hiyo ruhusa. Kamera na maikrofoni zinaeleweka. Orodha ya marafiki zako haihusiani na kikohozi.

Kabla ya kukata simu, omba muhtasari wa maandishi: aliuliza nini, ulihesabu pumzi ngapi na saa ngapi, amependekeza nini. Uhifadhi kwa simu. Ukifika zahanati, mpe muuguzi asome, ahesabu tena, na alinganishe na ile hesabu ya asubuhi.